Barua ya laki nne na nusu: kisa cha tangi la maji na somo la fidbeki

Hiki kisa ni cha idara moja ya uhandisi kwenye chuo kimoja hapa Unguja, jina la chuo tuliache, na mie nakijua kwa sababu ndo fundi wa maabara pale na barua yenyewe ilipita mikononi mwangu kabla haijafika kwa Mkuu wa Idara. Mhadhiri wa somo la udhibiti, mwaka wa tatu, wanafunzi 24, alitaka kifaa kidogo cha kufundishia mfumo unaojirekebisha wenyewe, yani unapima kilichotokea, unalinganisha na kinachotakiwa, halafu unaongeza au unapunguza. Somo lilikuwa linafundishwa ubaoni na kwenye laptopu tu.

Barua ya kwanza ilikataliwa na mie kwa upande wangu naona ilistahili. Iliomba seti ya mafunzo kutoka nje ya shilingi milioni 38, kurasa mbili, na nusu ya maneno yalikuwa "kuendana na kasi ya teknolojia" na mambo kama hayo ambayo ukiyachukua ukayapeleka idara ya kilimo yanafaa vile vile. Mkuu hakuandika maneno mengi, aliirudisha na sentensi moja kwa kalamu nyekundu pembeni: "Mwalim, wanafunzi wanashindwa nini sasa hivi ambacho kifaa hiki kitawawezesha?"

Ile sentensi ndo iliyozaa barua ya pili, na barua ya pili ndo nataka tuichambue, maana iliomba 450,000 na ilipita.

Ilianza hivi, nanukuu kwa ruhusa yake:

"KUH: MAOMBI YA SHILINGI 450,000 KWA KIFAA CHA KUFUNDISHIA UDHIBITI WA MREJESHO

Husika na kichwa cha habari cha hapo juu. Wanafunzi wetu wanaweza kukokotoa, lakini wengi wao ukiwauliza kwa nini kidhibiti cha P peke yake hakifikishi maji kwenye alama uliyoiweka wanakwambia kuna kosa kwenye hesabu. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kidhibiti cha PI kikipitiliza kwa sababu pampu imeshafika mwisho wa nguvu zake. Mambo mawili haya ndiyo naomba fedha niyaoneshe."

Mambo mawili tu. P na PI ni njia mbili za kuamua pampu iende kwa nguvu kiasi gani, nitazieleza hapo chini. Mie niliposoma hapo nikasema hii sasa ni barua, kwa sababu msomaji anajua pesa inanunua nini, na kifaa kikishindwa kuonesha mambo hayo mawili basi mkuu anayo haki ya kuuliza.

Sasa kifaa chenyewe. Ni bomba la plastiki angavu lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15 na urefu wa 30, limesimamishwa juu ya ndoo kubwa. Chini ya bomba pana tundu la milimita 6 linalomwaga maji muda wote kurudi kwenye ndoo, na pampu ya volti 12 inayavuta kwenye ndoo kuyapandisha tena juu. Kwa hiyo maji yanazunguka tu, hakuna kinachopotea. Sensa inapima kina, Arduino, yani ule ubao mdogo wa kuprogramu, inasoma sensa na kuamua pampu iende kwa asilimia ngapi. Pembeni ya bomba imebandikwa rula ya kawaida, na hiyo rula msiidharau, nitairudia.

Mkuu alituita mimi na mhadhiri ofisini na swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu angeuliza, simulesheni si ipo, na tena programu zake za Scilab na Octave ni bure, kwa nini tununue mabomba? Mhadhiri hakubishana kwa maneno, alikuwa ameshaambatisha ukurasa mmoja wa hesabu na alianzia hapo.

Mahesabu yanaenda hivi. Maji yanayotoka tunduni yanafuata kanuni ya Torricelli, kasi ya kutoka inategemea kipeuo cha pili cha kina. Kina kikiwa sentimita 20, tundu la milimita 6 linatoa kama mililita 34 kwa sekunde, ukichukulia kwamba mchirizi unabanwa na kutoa asilimia 60 tu ya kile ambacho eneo la tundu lingetoa. Pampu ikienda kwa nguvu zote, ikipimwa kwa ndoo na saa, inaleta 50. Kwa hiyo kushikilia maji kwenye 20 pampu inatakiwa iende kama theluthi mbili ya nguvu zake, mfululizo, haipumziki.

Hapo sasa ndo pana kiini chote. Kidhibiti cha P kinasema, kosa, yani tofauti ya kina kinachotakiwa na kilichopo, likiwa sentimita moja ntatoa asilimia 10 ya pampu, likiwa mbili ntatoa 20, na kosa likiwa sifuri ntatoa sifuri. Haya, maji yakifika 20 kosa ni sifuri, pampu imezima, lakini tundu bado linamwaga mililita 34 kila sekunde. Maji hayawezi kukaa pale hata dakika. Yatashuka mpaka kosa liwe kubwa kiasi cha kuilazimisha pampu ilete sawasawa na kinachotoka. Ukiikokotoa unapata yanatulia kwenye sentimita 14.3. Umetaka 20 umepewa 14.3, na hakuna kilichoharibika, hesabu ni sahihi, sensa ni nzima, pampu ni nzima. Kosa lenyewe ndo linaloiendesha pampu, ukiliondoa umeizima.

Wanafunzi hukimbilia kusema ongeza nguvu ya P basi. Ukiipandisha mara mbili, asilimia 20 kwa kila sentimita, maji yanatulia kwenye 16.9. Pengo limetoka 5.7 kuwa 3.1, limepungua lakini halijaisha, na halitoisha hata uipandishe vipi, ila utafika pahala pampu inawaka na kuzima kila uso wa maji ukitikisika. Mkuu mwenyewe ni mtu wa mambo ya umeme mkubwa, aliuangalia ukurasa ule kidogo, akasema, "Hii hata simulesheni itanionesha." Na alisema kweli. Mhadhiri akakubali palepale, akamwambia naam sheikh, hili la kwanza simulesheni inalionesha, la pili ndo inalificha.

La pili ni hili. Ukiongeza sehemu ya I, ile inayojumlisha kosa kadri muda unavyokwenda, lile pengo linafutika, kwa sababu sasa pampu inaweza kwenda theluthi mbili hata kosa likiwa sifuri, jumla iliyokusanywa huko nyuma ndo inayoiendesha. Vizuri. Lakini anza na bomba tupu uone. Kosa ni sentimita 20, kidhibiti kinataka asilimia 200, pampu inazo 100 tu. Inakwenda kwa nguvu zote, na kulijaza bomba mpaka 20 kunachukua kama dakika mbili na sekunde ishirini, na muda wote huo sehemu ya I inajumlisha tu, inajumlisha, haijui kwamba pampu imeshafika mwisho. Kwa kiwango cha asilimia 0.2 kwa kila sentimita kwa sekunde, maji yanapogusa 20 ile jumla imeshapita asilimia 200. Kosa sasa ni sifuri lakini kidhibiti bado kinaamrisha pampu iende mara mbili ya uwezo wake. Maji yanapitiliza, 22, 24, 26, na jumla inashuka polepole tu kwa sababu inahitaji kosa la upande wa pili kuifuta. Yanakaribia kabisa lile tundu la akiba la kumwagia lililotobolewa kwenye 27, na siku pampu ikiwa na afya yanalipita.

Simulesheni inalificha vipi? Kwa sababu mwanafunzi anayechora vile visanduku kwenye skrini anaandika pampu kama nambari ya kuzidisha na basi, haina kiwango cha juu wala cha chini. Pampu yake ya skrini inatoa asilimia 200 bila ya kulalamika, na inatoa hasi pia, yani inafyonza maji kutoka kwenye bomba! Grafu inatoka nzuri ajabu. Bila shaka unaweza kuweka ukomo kwenye simulesheni, lakini ili uuweke lazima uwe umeshajua kwamba upo, na ndo hicho hasa wasichokijua. Kwenye bomba halisi huhitaji kukumbushwa, miguu inarowa.

Dawa yake ni mistari michache, na iliambatishwa kwenye barua ili mkuu aone kuwa hakuna programu ya kununua:

```
e = sp - h;
u = Kp*e + I;
if (u > 0 && u < 100) I += Ki*e*dt;
u = constrain(u, 0, 100);
```

Hapo sp ni lengo, h ni kina, e ni kosa, u ni amri kwa pampu na I ni ile jumla. Mstari wa tatu ndo dawa yenyewe, jumla inaruhusiwa kukua pale tu ambapo pampu bado ina nafasi ya kuitikia. Mwanafunzi anaufuta, anaona maji yanapitiliza, anaurudisha, anaona yanatulia. Hapo somo limekwisha, hahitaji ukurasa wa nadharia juu yake.

Swali la pili la mkuu lilikuwa kwa nini maji, kwa nini isiwe mota au kipasha joto ambacho hakirowanishi mtu. Jawabu lilikuwa la muda. Mota inaitikia chini ya sekunde moja, mwanafunzi haoni kitu ila grafu, na grafu anazo tayari. Bomba hili likiwa kwenye kina cha 20 linachukua kama dakika tatu na nusu kufika asilimia 63 ya mabadiliko, kwa hiyo dakika 14 au 15 limeshatulia, na katika kipindi cha maabara cha saa mbili unapata majaribio kadhaa na nafasi ya kubishana. Tena ukishusha kina kuwa 10 ule muda unapungua kuwa dakika mbili na nusu, bomba lile lile na tundu lile lile, na hapo mhadhiri anapata pa kuanzia somo la kwamba nambari ulizozirekebisha kwa kina kimoja si lazima zifae kwa kina chengine. Hili hakuliandika kwenye barua, alilisema kwa mdomo tu, na mie naona alifanya vizuri kwa sababu barua ilikuwa na mambo mawili na yabaki mawili.

Sasa niingie kwenye vifaa, maana hapa ndo pana mitego na ndo sehemu niliyochangia.

Pampu kwanza. Zile pampu ndogo za bei rahisi zilizojaa madukani nyingi hazina brashi, zina kisakiti chao ndani kinachoendesha mota. Ukiipunguzia umeme kwa `analogWrite`, ambayo kwenye pini nyingi inawasha na kuzima mara 490 kwa sekunde, kile kisakiti kinachanganyikiwa, pampu inagoma au inatetemeka. Lazima iwe ya brashi, na lebo nyingi hazikwambii, unaijua kwa kuipa umeme mdogo kutoka kwenye chaja ya kurekebishwa na kuiangalia, ya brashi inaanza taratibu na kuongezeka, isiyo na brashi haifanyi kitu halafu ghafla inawaka. Hata ya brashi chini ya kama asilimia 30 haizunguki kwa sababu ya msuguano, na hilo nalo mwanafunzi ataliona kwenye grafu kama kidhibiti kinaamrisha na hakuna kinachotokea. Barua iliomba mbili, moja ya akiba.

Mosfeti ya kuiwashia pampu, pana herufi moja ya kuangalia sana. IRFZ44N na IRLZ44N zinafanana kama pacha, lakini ya kwanza haifunguki sawasawa kwa volti 5 za Arduino, inapata moto na pampu inakosa nguvu, ya pili imetengenezwa kwa volti hizo. Ukiagiza kwa simu duka la Kariakoo taja herufi kwa herufi, na vikija na boti soma maandishi kwenye mgongo wa kifaa kabla hujachoma risasi. Na dayodi iwekwe kinyume kwenye waya za pampu, bila hiyo mosfeti haina maisha.

Sensa ndo iliyotupa mjadala mrefu. Ile ya sauti, HC-SR04, ni rahisi zaidi, lakini mwale wake unatawanyika na ndani ya bomba la sentimita 15 unagonga kuta, unapata usomaji unaoruka. Tukachagua ya presha, MPX5010DP, inayopima mpaka kilopaskali 10, yani kama mita moja ya maji, na sentimita moja inabadilisha volti kwa kama milivolti 44, ambazo Arduino inaziona kama hatua tisa. Kwa hiyo tunaona milimita moja na kidogo, inatosha. Tatizo ni kuwa sensa hii imetengenezwa kwa hewa kavu, haitaki maji. Kwa hiyo unatumbukiza mrija mwembamba mpaka chini ya bomba, juu yake sensa, na hewa iliyonaswa ndani ya mrija ndo inayobeba presha.

Na ile hewa inapotea. Kidogo kidogo inavuja kwenye viungo au inayeyuka majini, maji yanapanda ndani ya mrija, na sensa inaanza kusoma pungufu. Maji yakipanda sentimita moja mrijani sensa inasema 19 wakati kweli ni 20, na kidhibiti cha PI kitafanya kazi yake kwa uaminifu wote, kitaongeza maji mpaka sensa iseme 20, na rula itasema 21. Skrini inaonesha mstari mnyoofu uliotulia pale pale kwenye lengo, na lengo limekosewa. Ndo ile rula niliyosema. Kwa mawazo yangu hili ni somo kubwa kuliko yote mawili yaliyoandikwa, kwamba mrejesho unaondoa kosa unaloliona, usiloliona unalishikilia kwa nguvu. Dawa ni kuutoa mrija na kuutumbukiza upya kila mwanzo wa kipindi, basi. Mhadhiri alitaka tutafute sensa ya kuzamishwa majini ili tatizo liishe, mie nikamwambia Mwalim liache liwepo, hela tunayo kidogo na tatizo lenyewe lina faida. Tukaelewana.

Mkuu hakuuliza sana kuhusu sensa, lililomshughulisha ni maji na umeme kwenye meza moja. Barua ya kwanza haikuligusa kabisa. Ya pili ilikuwa na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampea 30, na mkao wa vitu uliochorwa kwa mkono: chaja ya volti 12 kwenye soketi ya ukutani, Arduino juu kabisa ya fremu upande wa pili, ndoo chini, na waya zote za volti 230 zinaishia ukutani, hakuna inayokuja mezani. Hili nadhani ndo lililomtuliza.

Jedwali la bei lilikuwa hivi, nalisema kwa maneno: pampu mbili 70,000, chaja ya volti 12 yenye ampea 5 ni 35,000, Arduino Uno 45,000, sensa 75,000, mosfeti na dayodi na vidude vyengine 15,000, bomba na ndoo na viungo 60,000, fremu ya mbao kwa fundi seremala wa Mwanakwerekwe 50,000, swichi ya usalama 60,000, na nauli na usafirishaji 40,000. Jumla 450,000. Hakuna "dharura asilimia kumi", na mhadhiri alieleza kuwa akiba yake ni ile pampu ya pili, kwa sababu ndo kitu pekee chenye brashi zinazolika na ndo kitakachokufa mwanzo. Mie nilimwambia aweke na sensa ya pili akakataa, akasema ikifa tutarudi kwa HC-SR04 na wanafunzi watajionea tofauti. Bado sikubaliani naye kwa hili, ila barua ni yake.

Kitu chengine barua ilichofanya ni kusema kifaa hakitofanya nini. Kimoja kwa wanafunzi 24 maana yake vikundi sita vya wanne wanne, kwa zamu, na mhadhiri aliandika wazi kuwa hiki hakifundishi mifumo ya kasi wala hakitoshi kwa mradi wa mwaka wa nne, na kwamba maji ya kisima yana chumvi kwa hiyo kitajazwa maji ya mvua na kumwagwa kila wiki, vyenginevyo lile tundu la milimita 6 litaota magamba na nambari zote za hapo juu zitabadilika. Wengine wangelificha hili wakidhani linaidhoofisha barua. Mkuu aliniambia baadae kuwa hapo ndo alipoanza kuamini zile hesabu nyengine.

Alichokikata ni kimoja. Ile 40,000 ya usafirishaji aliifuta, akaandika pembeni kuwa gari la idara linakwenda bandarini kila wiki na mzigo wenyewe ni wa boksi moja la viatu. Halafu akaongeza sharti, kwamba kabla ya kikundi cha kwanza kugusa chochote apelekewe grafu mbili, moja ya P peke yake na moja ya PI iliyoanza na bomba tupu, zote zikiwa na usomaji wa rula umeandikwa kwa mkono pembeni ya usomaji wa sensa. Ikapitishwa 410,000. Pampu zimeshafika, moja kati ya hizo mbili haina brashi, tumeirudisha dukani na tunasubiri nyengine.